Ujumbe Wenye Jina Tupu: Namna ya Kuujibu Bila Kubahatisha

Simu ya mtendaji wa kijiji inalia mara moja, asubuhi, kabla hajafungua mlango wa ofisi. Namba iliyoingia hajaihifadhi. Anaufungua ujumbe na kukuta neno moja tu: Neema. Hakuna salamu, hakuna swali, hakuna maelezo ya anakotoka mwenye kuandika wala anachotaka.

Ujumbe wa namna hii huwafikia watu wengi katika kata yetu: watendaji, wenyeviti wa vitongoji, wahudumu wa afya, wagawa maji wa mifereji, makatibu wa vikundi vya akiba na mikopo, na kila mwananchi ambaye namba yake imewahi kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Wako wanaoupuuza, wakisema kwamba mwenye shida atarudi. Wako wanaopiga simu papo hapo na kuuliza kwa sauti kubwa, "Wewe nani?" Na wako wanaojibu kana kwamba wameshajua kila kitu: "Neema, njoo ofisini saa nne." Makala haya yanaeleza kwa nini njia zote hizo tatu huweza kuharibu mambo, na ni jibu gani linalofaa zaidi.

Tuanze na chanzo chake. Mtu hutumaje jina peke yake? Mara nyingi ni kwa sababu ameambiwa afanye hivyo. Tangazo la mkutano husema, "wanaohitaji watume majina yao kwa namba hii," na mwananchi mtiifu hutuma jina, si zaidi. Huduma nyingi za simu nazo zimetuzoesha kutuma neno moja kwenda namba fulani na kungoja majibu, na huduma hizo zinajua neno hilo linahusu nini. Aliyezoea hivyo huamini kwamba na wewe unajua. Kwake yeye ujumbe umekamilika, na sasa anakusubiri wewe.

Sababu nyingine ni ya vidole. Katika simu ndogo za vitufe, na hata katika simu janja, mtu anayemtafuta Neema katika orodha ya majina yake huweza kuliandika jina hilo mahali pa ujumbe badala ya mahali pa mpokeaji, kisha akabonyeza tuma. Hapo Neema si mwandishi, wala hana shida yoyote na wewe. Ni mtu aliyekuwa anatafutwa na mtu mwingine kabisa. Pia kuna ujumbe uliokatika: mwandishi ameanza na jina la mgonjwa, au la marehemu, au la mtoto aliyepotea, kisha akaitwa, au kidole kikateleza, au mtandao ukachelewesha sehemu iliyobaki. Kwa hiyo hatua ya kwanza haigharimu kitu: ngoja dakika chache. Ujumbe wa pili ukifuata, tatizo limekwisha lenyewe. Tazama pia kama namba hiyo iliwahi kukuandikia siku za nyuma, maana jina linaweza kuwa jibu la swali ulilouliza wewe mwenyewe wiki iliyopita ukalisahau.

Jina lenyewe linaweza kumwakilisha mwandishi, au mtu anayetafutwa, au mtu anayeombewa huduma, au mwenye shamba ambaye jina lake ndilo lililo katika orodha. Kwa Kiswahili lipo tatizo jingine tena: majina yetu mengi ni maneno ya kawaida. Subira ni jina la mtu, na pia ni ombi la kuwa na subira. Amani inaweza kuwa mtu, au salamu. Shukuru inaweza kuwa mtu, au mwandishi anataka ushukuru. Zawadi inaweza kuwa jina la bibi, au chambo cha tapeli. Tumaini, Baraka na Furaha hupewa wavulana na wasichana pia, kwa hiyo jina halikuambii kama unaongea na mwanamume au mwanamke. Majina ya ukoo yaliyoenea kwetu mkoani, kama Mushi, Massawe, Kimaro au Mmbaga, hukuambia machache zaidi ya hayo: ukoo mmoja una watu wengi, na mwanamke aliyeolewa huweza kuitwa kwa jina la kwao au la mumewe. Na Mabogini ni mahali pa mchanganyiko. Watu wameteremka kutoka milimani, wengine wametoka Upareni na mikoa mingine kwa ajili ya mashamba ya mpunga, kazi za miwa na viwanja vya kujenga. Anayedhani jina linamwambia kabila, dini au umri wa mtu atakosea mara nyingi kuliko anavyofikiri.

Sasa jibu. Jibu zuri la kwanza hufanya mambo matatu na kuishia hapo. Humwambia mwandishi ni nini hasa kilichofika. Humwambia amefika wapi. Kisha humwachia nafasi ya kusema anachotaka. Kwa mfano:

"Habari. Nimepokea ujumbe wenye neno Neema. Hapa ni ofisi ya mtendaji wa kijiji. Tafadhali eleza ungependa tukusaidie jambo gani."

Angalia kwamba jibu hilo limesema "neno", halikusema "jina lako". Likilirudia neno lile, mwandishi aliyekatika hugundua kwamba sehemu iliyobaki haikufika, na aliyekosea namba hugundua kosa lake bila kuaibishwa. Likitaja ofisi, aliyekuwa akitafuta mahali pengine atajua mara moja. Halikumwita mtu Neema, halikuuliza Neema ni yupi, wala halikusema kama ofisi inamjua Neema yeyote. Tena lote halizidi herufi 160, ambazo ndizo ujumbe mmoja wa kawaida wa simu unaweza kubeba kwa alfabeti yetu. Ukizidisha hapo unalipia ujumbe wa pili.

Salamu nayo ina mtego. "Shikamoo" hudhani kwamba mwandishi amekuzidi umri. "Bwana asifiwe" na "Asalaam alaykum" hudhani dini. Salamu ya Kichagga, ijapokuwa ni tamu masikioni, hudhani kabila. "Habari" au "Habari za asubuhi" haidhani chochote, na mtu akishajitambulisha hakuna kinachokuzuia kumpa shikamoo yake anayostahili. Acha pia "Bwana", "Bibi", "Mama" na "Dada" mpaka ujue. Hapa lugha yetu inatusaidia: "umetuma", "ungependa", "tukusaidie" hayamtenganishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo unaweza kuandika sentensi nzima ya heshima bila kubahatisha.

Wapo watakaouliza: kwa nini nisiseme tu "Nani mwenzangu?" Ni swali la adabu katika simu zetu, na baina ya watu binafsi halina ubaya. Lakini katika simu ya huduma linatanguliza utambulisho mbele ya shida. Mtu aliyeweza kuandika neno moja tu, pengine kwa sababu kuandika ni kazi ngumu kwake, pengine kwa sababu simu ni ya jirani, anaweza kudhani kwamba ameshajibu swali hilo kwa kutuma jina. Atanyamaza. Ukimuuliza akusaidiweje, hata anayeogopa kujitaja huweza kusema anachohitaji, na wewe utajua kama utambulisho unahitajika kabisa. Anayeuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi hana haja ya kukuambia yeye ni nani.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi huitumia, nayo inastahili kuelezwa kwa sababu inaonekana ya uhakika na siyo. Ukianza kutuma fedha kwa M-Pesa, Airtel Money au huduma nyingine ya namna hiyo, kabla hujathibitisha simu hukuonyesha jina la mwenye laini inayopokea. Basi mtu huiingiza namba ngeni, husoma jina, kisha hughairi. Anachokipata ni jina la aliyesajili laini. Usajili kwa alama za vidole ulianza 1 Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Katika msukumo ule, wengi waliokuwa hawajapata namba ya kitambulisho cha taifa walisajiliwa laini na ndugu, na hadi leo baba husajili laini anayoitumia mwanawe, na mke huzungumza kwa laini ya mumewe. Jina linalotokea kwenye malipo linakuambia laini ni ya nani, halikuambii kidole kilichoandika ujumbe ni cha nani. Picha iliyo kwenye WhatsApp haiaminiki zaidi ya hapo: wengi huweka picha ya mtoto, ya mama mzazi au ya marehemu wanayemkumbuka.

Mambo huwa mazito zaidi pale namba inapokuwa ya mhudumu wa afya. Chukua jina hilihili, Neema, limeingia kwenye simu ya muuguzi. Inawezekana ni Neema mwenyewe anayeuliza siku ya kliniki. Inawezekana pia ni mume, mkwe, mwajiri au jirani anayetaka kujua kama Neema huonekana pale. Muuguzi akijibu kwa wema, "Neema, usisahau dawa zako kesho," atakuwa ametoa siri ya mtu kwa asiyemjua, na hakuna namna ya kuirudisha. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa zinazohesabiwa kuwa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Lakini hata kabla ya sheria, muuguzi yeyote anajua kwamba kukiri tu kuwa "ndiyo, huyo ni mgonjwa wetu" ni kusema mengi.

Kwa simu za namna hiyo jibu la kwanza lipunguzwe zaidi: "Habari. Ujumbe wako umefika. Tunaweza kukusaidia nini?" Jina lisirudiwe, na mahali pasitajwe, kwa sababu katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu watatu au wanne, na atakayelisoma jibu huenda si aliyetuma ujumbe. Hapa nakiri kwamba tunapoteza kitu: aliyekosea namba atachelewa kugundua. Ni hasara ndogo ukilinganisha na ile nyingine. Mwandishi akishasema anachotaka, mambo ya mtu yazungumzwe ana kwa ana, au kwa sauti baada ya kumhakiki kwa mambo ambayo yeye pekee anayajua.

Kwa sababu hiyohiyo si vyema kupiga simu mara moja baada ya kupata jina tupu. Wengi wa wanaotuma hawana siri yoyote, na simu isingewadhuru. Ila mmoja katika hao anaweza kuwa mtoto, au mtu anayepigwa nyumbani, aliyeandika kwa kujificha na kuweza neno moja tu kabla ya mtu kuingia chumbani. Simu ikilia hapo, swali la kwanza atakaloulizwa ni nani anayempigia. Ujumbe mfupi usiotaja jambo lolote ni salama zaidi, na unaweza kuongeza: "Kama ungependa nikupigie, niambie saa." Akieleza kuwa yumo hatarini, sasa ndipo unapokuwa na jambo la kufanyia kazi: Polisi kwa dharura ni 112, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, ambayo haitozwi fedha. Lakini usianze kwa kumpelekea namba hizo mtu aliyekutumia jina tu. Ukifanya hivyo umekwisha kuamua kisa chake ni kipi, na kama simu iko mkononi mwa anayempiga, umemtaarifu.

Tugeuze upande sasa. Mwananchi wa kawaida, asiye na ofisi yoyote, anapokea ujumbe kutoka namba ngeni wenye jina lake mwenyewe tu. Moyo husema: huyu ananijua. Kumbuka yale tuliyosema juu ya jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Yeyote mwenye namba yako anaweza kuliona jina lako kwa njia hiyo bila kukujua kabisa na bila kukutumia hata shilingi moja. Kwa hiyo jina lako katika ujumbe si ushahidi wa udugu. Ukijibu "Ndiyo, ni mimi, nani mwenzangu?" umemthibitishia mgeni kwamba mwenye laini ndiye anayeitumia, na matapeli wa ile "fedha itume kwenye namba hii" wanahitaji uhakika wa aina hiyo kabla ya kuendelea. Jibu lisilokubali wala kukana ni hili: "Habari. Nimeona ujumbe. Una shida gani?" Rafiki wa shule mliyepoteana ataeleza mlikoonana. Tapeli naye hatakawia kufika kwenye fedha, zawadi, namba ya siri au tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako.

Hapo ndipo pa kuchukua hatua, siyo kabla. Ujumbe wa utapeli unatumwa kama ulivyo kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kisha utatakiwa kuandika namba iliyokutumia. Jina tupu peke yake si utapeli, na kuiripoti namba kwa sababu hiyo ni kumshtaki mtu ambaye huenda kidole chake tu kimeteleza. Jambo jingine lenye faida ni kupiga *106# mara kwa mara ili kuona laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho. Laini usiyoitambua huenda kesho ikamtumia mtu mwingine ujumbe, na jina litakalotokea likawa lako.

Nimeacha mpaka mwisho mfano unaotuhusu zaidi sisi wa Mabogini, kwa sababu unakusanya karibu yote tuliyoyasema. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ndio unaoyafanya mashamba yetu ya mpunga yawe yalivyo, na kila mkulima anajua kwamba maji yakipungua mtoni huanza mgao. Katika mgao, majina ya wenye mashamba huandikwa kwa zamu, na anayelala zamu yake ikipita, maji yanakwenda kwa mwenzake. Tuseme basi kwamba mgawa maji wa mfereji mmoja anapokea ujumbe saa moja na nusu asubuhi. Namba haijui. Neno ni moja: Jumanne.

Mgawa maji mwenye haraka ataona siku. Atadhani mtu fulani anaomba zamu ya Jumanne, na kwa kuwa hajui ni nani, ataacha. Au atadhani anaulizwa kama mkutano wa wakulima ni Jumanne, na atajibu "Hapana, ni Alhamisi," jibu sahihi kwa swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mwingine ataona jina, atakumbuka kwamba katika orodha yupo Jumanne, ataamini kwamba ndiye anayeandika, na atajibu, "Sawa, usiku wa leo kama tulivyokubaliana." Hilo lingeonekana kuwa jibu la mtu mwerevu. Tuone kama lingefaa.

Mgawa maji wetu anangoja kidogo. Hakuna ujumbe wa pili. Anatazama nyuma: namba hii haijawahi kumwandikia. Katika daftari lake anaandika tarehe, saa na namba, kisha chini ya "ujumbe" anaandika Jumanne, neno kwa neno kama lilivyokuja. Safu ya "jina" anaiacha wazi. Hapa wengi hukosea bila kujua: neno likishaandikwa katika safu ya jina, kesho yake mtu mwingine atakayeshika daftari atalisoma kama jambo lililothibitishwa, na kubahatisha kwa leo kutakuwa kumbukumbu ya ofisi. Halafu anajibu: "Habari za asubuhi. Nimepokea ujumbe wenye neno Jumanne. Mimi ni mgawa maji wa mfereji. Nikusaidie jambo gani?"

Jibu linakuja baada ya saa tatu, kwa sababu simu ilikuwa imeazimwa na mwenye nayo alikuwa shambani. "Ni jina la baba yangu. Amelazwa tangu jana. Zamu yake ni leo usiku ila sijui saa wala mlango upi wa maji." Aliyeandika ni binti. Hakuwa Jumanne, wala hakuomba siku ya Jumanne. Alituma jina la baba yake kwa sababu ndilo jina lililo kwenye orodha, na kwa mawazo yake aliye na orodha angeelewa. Lile jibu la mtu mwerevu, "usiku wa leo kama tulivyokubaliana," lisingemwambia kitu chochote. Na kama mgawa maji angenyamaza, saa sita usiku maji yangefika kwenye mlango usio na mtu.

Jambo halijaisha, maana sasa mgawa maji anajua shida lakini bado hajui kwa hakika anaongea na nani. Saa ya zamu si siri, imebandikwa ubaoni, kwa hiyo anaweza kuitaja: "Pole kwa kuuguliwa. Zamu hiyo huanza saa sita usiku." Kumpa mtu mwingine ruhusa ya kufungua mlango wa maji kwa jina la Jumanne ni jambo tofauti. Ujumbe mmoja kutoka simu ya kuazima hautoshi kwa hilo, kwani ugomvi wa maji wakati wa mgao si wa mchezo, na si mara moja mtu amewahi kudai zamu isiyo yake. Basi anamwomba binti afike kabla ya jioni pamoja na jirani wa shamba anayepakana na baba yake, au mwenyekiti wa kitongoji. Anakuja na jirani. Mgawa maji anaandika jina lake, sasa katika safu ya jina, na pembeni anaandika "kwa niaba ya mwenye shamba, anaumwa," kisha anamwonyesha mlango kungali na mwanga.

Kama binti asingejibu kabisa, mgawa maji angetuma ujumbe mmoja zaidi jioni, wenye maneno yaleyale, kisha angeacha. Ujumbe wa tatu na wa nne humfanya mtu aliyekosea namba ajione anafuatwa. Daftari lingebaki na mstari wake wenye safu wazi, na namba ile ikituma tena mwezi ujao, atakayeshika zamu angejua pa kuanzia.

Kwa upande wa wanaoandika matangazo, kuna marekebisho madogo yanayopunguza ujumbe wa namna hii tangu mwanzo. Badala ya "tuma jina lako", andika "tuma jina lako, kitongoji chako na unachohitaji", na weka mfano chini yake. Na wewe mwananchi unayetuma kwa niaba ya mzazi au jirani, ongeza maneno manne tu: "naandikia kwa niaba ya", kisha jina.